Bando la wiki au mkataba wa ruta? Hesabu ya mhariri wa video wa Mbezi

*"Habari mtaalamu. Nahariri video za harusi na matangazo kwa kujitegemea, naishi Mbezi Luis, Dar es Salaam. Kila wiki nanunua bando la 20,000 la GB 12. Likiisha katikati ya kazi naongeza la siku, 3,000 kwa GB 2, na mwezi wenye kazi nyingi hayo ya siku yanafika kama 16. Kuna wakala ananishawishi nisaini mkataba wa ruta ya 4G: miezi 12, 110,000 kwa mwezi, anasema haina kikomo na inafika Mbps 20. Wateja wangu wawili wako Dubai, na kuna miezi kazi inakauka kabisa. Nisaini?"*

Usisaini wiki hii, ndugu yangu. Sisemi mkataba huo ni mbaya. Ila kuna namba mbili ambazo wakala hajakupa na moja ambayo wewe hujanipa, na bila hizo hakuna mtu anayeweza kukujibu kwa haki. Hiyo yako ni miezi mingapi kwa mwaka unakaa bila kazi. Za wakala nitazifikia. Tuanze na pesa, kwa sababu hapo watu wengi wanakosea hesabu, na wanakosea kwa namna ileile.

Nahesabu mwezi kuwa wiki nne tu ili twende pamoja. Bando nne za wiki ni 80,000, unapata GB 48. Bando 16 za siku ni 48,000, unapata GB 32. Jumla unatoa 128,000 kwa GB 80, yaani 1,600 kwa kila GB. Hiyo ndiyo bei uliyonunulia, lakini siyo bei uliyotumia. Bando la siku unalinunua saa tatu usiku faili likiwa limekwama kwenye asilimia 70, linamaliza kazi, na kilichobaki kinakufa kesho yake kabla hujafungua kompyuta. Tuseme kila bando la siku linakufa na MB 700 ndani. Kwa bando 16 umepoteza kama GB 11, kwa hiyo ulizotumia kweli ni 69, na kila moja imekugharimu karibu 1,855.

Watu hulalamika kwamba kuisha kwa muda wa bando ni wizi. Mimi nalitazama kwa upande wa mnara. Mnara una uwezo wake wa kupitisha data kila sekunde, na uwezo huo hauwekwi ghalani. Saa tisa za usiku unapopita bure, umepotea. Saa mbili usiku kila mtu anautaka kwa pamoja. Ndiyo maana bando la usiku wa manane huwa rahisi na bando lisiloisha muda huwa ghali: la kwanza linakupeleka kwenye uwezo ambao ungepotea, la pili linamlazimu mtoa huduma awe tayari kwa ajili yako siku yoyote utakayoamka. Bando la siku liko katikati, na sehemu ya urahisi wake inalipwa na zile MB zako 700.

Sasa tuuweke mkataba kwenye mzani huohuo. Unatoa 110,000, lakini ruta inakaa nyumbani. Ukienda kupiga picha Bagamoyo au ukiwa kwenye daladala unamjibu mteja, simu yako bado inahitaji data. Weka 15,000 ya bando dogo la simu. Imekuwa 125,000. Tofauti na unachotoa leo ni 3,000, bei ya bando moja la siku. Kwa mwezi wenye kazi, basi, njia zote mbili ni sawasawa. Hapo ndipo wakala anaposimama na kusema "unaona, na hii haina kikomo".

Yeye anahesabu mwezi mmoja. Wewe unalipa mwaka. Tuseme una miezi mitatu mikavu, na mwezi mkavu unatumia 45,000 tu kwa sababu hakuna faili la kutuma. Kwa bando, miezi tisa kwa 128,000 ni 1,152,000, na mitatu kwa 45,000 ni 135,000. Jumla 1,287,000. Kwa mkataba, 125,000 mara kumi na mbili ni 1,500,000, kazi iwepo isiwepo. Umeongeza 213,000. Kama miezi yako mikavu ni mmoja tu, tofauti inashuka hadi kama 47,000, na hapo ningekuambia chukua ruta usisumbuke, hata kwa utulivu tu wa kutokimbilia vocha usiku. Kama ni minne au mitano, mkataba wa mwaka ni mzigo utakaokuelemea katika miezi ambayo huna hata senti ya kuubebea. Unaona sasa kwa nini namba yako ni ya kwanza? Fungua ujumbe wa malipo kwenye simu, rudi nyuma miezi kumi na miwili, hesabu miezi ambayo hakuna mteja aliyelipa. Usikadirie kwa kichwa. Kichwa cha mtu anayejitegemea kinakumbuka miezi mizuri.

Kabla hujaniuliza: ndiyo, kuna njia ya tatu, na ndiyo ninayoipenda kwa mtu wa aina yako. Si kila huduma ya mwezi ni mkataba. Kuna ruta za nyumbani ambazo unanunua kifaa chako, halafu unalipia mwezi kwa mwezi kabla ya kutumia. Mwezi usiolipa, inazima, na hakuna anayekudai. Mkataba wenyewe ni ule unaotumia kwanza ukalipa baadaye, au uliopewa ruta bure kwa sharti la kukaa miezi 12. Mawakala huwa wanaviita vyote "kifurushi cha mwezi", na hapo ndipo watu wananasa. Chukulia bei ni ileile 110,000 na ruta unainunua kwa 120,000. Miezi tisa kwa 125,000, mitatu kwa 45,000, jumla 1,260,000. Ongeza ruta, mwaka wa kwanza umetoa 1,380,000. Mwaka wa pili ruta ni yako, na umeshuka chini ya gharama ya bando. Bei hizi za ruta ni za mfano. Weka za duka utakaloenda, hesabu inabaki ileile.

Sasa namba ya kwanza ya wakala. "Haina kikomo" maana yake haikatiki. Haina maana kwamba inaendelea kwa kasi ileile. Karibu kila huduma ya namna hii ina kipengele cha matumizi ya haki: ukifika kiwango fulani cha GB ndani ya mwezi, mfumo wao unaokuhesabia data unakushusha kasi hadi mwezi mpya uanze. Kwa hiyo muulize maswali mawili kwa pamoja, kiwango ni GB ngapi, na baada ya hapo kasi inakuwa ngapi. Swali la pili ndilo zito. Kushushwa hadi Mbps 5 ni usumbufu, kushushwa hadi Mbps 1 ni kufungiwa duka.

Kuna hesabu moja ya kukariri hapa, itakusaidia maisha yako yote ya kazi: Mbps 1 ikitiririka saa nzima inabeba MB 450. Basi. Mbps 2 ni MB 900 kwa saa. Kama unatuma video ya GB 6 na umeshushwa hadi Mbps 2, utakaa karibu saa saba, mradi hakuna mwingine anayeigusa ruta. Kwa hesabu hiyohiyo unaweza kupima mkutano wa video na mteja: ukitumia karibu Mbps 1 kwenda na Mbps 1 kurudi, saa moja imekula MB 900, kwa sababu inayotoka inahesabiwa sawa na inayoingia.

Utasema unatumia GB 69, kiwango hicho, tuseme ni GB 150, utakifikia wapi? Utakifikia. Ruta ikiingia nyumbani, nidhamu ya bando inaondoka. Televisheni inaunganishwa, wadogo zako wanapata neno la siri, jirani anapata kwa mdogo wako, simu zinaanza kuhifadhi picha mtandaoni zenyewe. Nimeona nyumba ya watu watano ikitoka GB 70 hadi 200 mwezi wa pili bila kazi kuongezeka. Dawa ni kuweka Wi-Fi mbili ndani ya ruta, moja ya kazi na moja ya wageni, kama ruta yako inaruhusu. Nyingi zinaruhusu.

Namba ya pili ni nzito zaidi kwako kuliko zote, na sijawahi kumsikia wakala akiitaja bila kuulizwa: kasi ya kupakia. Ile Mbps 20 aliyokutajia ni ya kupakua. Anayetazama filamu inamtosha. Wewe kazi yako inaelekea upande wa pili, kutoka Mbezi kwenda Dubai.

Kwenye 4G pande hizi mbili hazilingani, na sababu yake ni ya kifizikia. Mnara unakurushia mawimbi kwa nguvu ya makumi ya wati. Simu au ruta yako inajibu kwa wati 0.2 hivi, hicho ndicho kiwango cha kawaida cha juu cha kifaa cha 4G. Ni kama mtu mwenye kipaza sauti cha msikitini anaongea na mtu anayenong'ona dirishani. Wewe unamsikia vizuri, yeye anakusikia kwa shida. Ukiongeza umbali, kuta za tofali na bati, mnong'ono ndio unaopotea kwanza. Ndiyo maana unaweza kuona vijiti vinne vya mtandao, video zinafunguka vizuri, halafu faili lako linatambaa. Vijiti hivyo vinakuonyesha jinsi unavyousikia mnara. Havionyeshi jinsi mnara unavyokusikia wewe.

Kwa hiyo jaribu kabla ya kulipa. Pata laini ya mtandao huohuo wa wakala, iweke kwenye simu yako ya 4G, nunua bando la siku, kaa pale ambapo ruta itakaa, kati ya saa mbili na saa nne usiku wakati mnara umejaa. Pakia faili halisi la GB 1 kwenye hifadhi unayotumia na wateja, uangalie saa. Likichukua dakika 27, una kama Mbps 5. Likichukua saa mbili na robo, una Mbps 1, na hakuna mkataba utakaobadilisha hilo. Fanya jioni tatu tofauti, moja iwe Jumamosi. Programu za kupima kasi zinasaidia, lakini hupima sekunde chache tu. Faili la GB 1 linakuonyesha mtandao unavyochoka. Ruta iliyowekwa dirishani upande wa mnara itafanya vizuri kidogo kuliko simu. Usitegemee miujiza.

Na usidanganyike kwamba mwenye mkataba anapewa kipaumbele mnarani. Ruta yako na simu ya kijana aliyenunua bando la 500 mnagawana mawimbi yaleyale. Kama wana huduma yenye kipaumbele, wakuandikie.

Hapa niruhusu nitoke kidogo kwenye swali, kwa sababu naona pesa zako zinavuja mahali ambapo hakuna bando litakaloziba. Video ya dakika kumi ukiitoa kwa Mbps 80 ina GB 6. Wahariri wengi wanamtumia mteja hiyo hiyo kila anaposema "punguza hapo mwanzo". Mara tatu, GB 18, zaidi ya bando lako la wiki. Nakala ya kukagua ukiitoa kwa Mbps 5 ni MB 375. Mteja wa Dubai anaiangalia kwenye simu, haoni tofauti ya maana, anatoa maoni yake, unarekebisha. Ile ya GB 6 inaenda mara moja tu, mwishoni. Badala ya 18 umetuma nakala mbili na ya mwisho, jumla haifiki GB 7. Nadhani mwezi wako wa GB 69 unaweza kushuka hadi 45 kwa tabia hii peke yake, na ukishuka hapo bando zako za siku karibu zote zinaondoka, na swali la mkataba linageuka kabisa.

Angalia pia kompyuta. Ukiiunganisha kwa hotispoti ya simu, Windows haijui kwamba kila MB unailipia, hivyo inashusha masasisho yake kimyakimya. Fungua mipangilio ya mtandao huo uwashe `Metered connection`. Kisha tafuta `Delivery Optimization` uzime `Allow downloads from other PCs`, maana ikiruhusiwa kwa mtandao wote, kompyuta yako inaweza kuwa inawapelekea watu usiowajua sehemu za masasisho kwa bando lako. Ukirudi kwenye mipangilio ya mtandao, `Data usage` itakuonyesha siku 30 zilizopita kila programu imekula kiasi gani. Iangalie leo. Ndiyo itakayokupa zile GB ulizotumia kweli, badala ya makisio yangu ya MB 700.

Na ukibaki na bando, liishe kwa mpango. Bando likikata faili likiwa asilimia 70 na tovuti unayotumia haijui kuendelea pale ilipoishia, unaanza upya na kulipa mara mbili. Tumia hifadhi inayoendeleza. TCRA iliweka masharti mwaka 2021 kwamba mtoa huduma akujulishe matumizi yakifika asilimia 75 na yakifika 100. Ule ujumbe wa 75 ndio wa kuamua, usisubiri wa pili.

Mimi mwenyewe niliwahi kusaini mkataba wa namna hii, kampuni nisiyoitaja, kwa sababu ruta ilikuwa bure. Mwezi wa tano nikahama nyumba, kilomita chache tu. Ruta ikakataa kufanya kazi. Ilikuwa imefungwa kwenye minara ya eneo lile la kwanza. Kuvunja mkataba kulinigharimu malipo ya miezi iliyobaki. Kipengele hicho kilikuwa kimeandikwa, ukurasa wa tatu, na nilikuwa nimesaini ukurasa wa tatu. Wewe umepanga nyumba? Basi hilo ni swali lako la lazima: nikihama inakuwaje, na nikitaka kutoka mwezi wa sita nalipa nini. Uliza pia kama ruta inapokea laini ya mtandao mwingine, na siku ngapi baada ya kuchelewa kulipa wanakata. Na umeme: Tanesco wakikata, ruta isiyo na betri inazima, simu inaendelea. Kwa hiyo vyovyote utakavyochagua, laini ya bando ibaki, na iwe ya mtandao tofauti na wa ruta, ili mnara mmoja ukilala usilale nao.

Ningekuwa wewe, mwezi huu ningebaki na bando, nikatuma nakala nyepesi, nikafanya majaribio ya jioni tatu. Matumizi yakibaki juu ya GB 60 na kupakia kukafika Mbps 4 au zaidi, ningenunua ruta ya kulipia mwezi kwa mwezi. Yakishuka chini ya 45, ningeachana na ruta na kutafuta bando moja la mwezi lenye GB za kutosha, halafu kazi nzito niipakie usiku wa manane kwa bando la usiku. Mkataba wa miezi 12 ningeufikiria tu kama miezi yangu mikavu haizidi mmoja, au kama mmoja wa wale wa Dubai ananilipa kila mwezi kwa makubaliano ya maandishi.

Kuna jambo moja linaloweza kufuta hesabu hii yote: kama faiba imefika mtaani kwako. Nenda ofisi ya TTCL uulize kuhusu Faiba Mlangoni Kwako, na uulize na watoa huduma wengine, ukiwa na jina la mtaa na nyumba inayojulikana karibu. Waya hauna shida ya mnong'ono, na kwenye huduma nyingi za faiba kasi ya kupakia iko karibu na ya kupakua. Ikiwepo, kwa mhariri wa video sioni sababu ya kusaini 4G.

Kama itabaki ruta ya 4G, usimalizane na wakala barabarani. Nenda duka lenyewe la kampuni ukiwa na namba yako ya NIDA, waambie unafanya kazi ya kupakia video, omba waangalie mnara unaokuhudumia na wakuambie muda wa kuijaribu ruta kabla mkataba haujakubana. Majibu ya kiwango cha GB, kasi baada yake, kuhama na kuvunja yawe kwenye karatasi. Wakikuahidi kitu kwa mdomo kisha kikageuka, unaanza kulalamika kwao kwa maandishi, na wasipokusikiliza unapeleka TCRA, au unaomba msaada Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano; huko kote wataanza kwa kukuuliza nakala ya mkataba. Kwa hiyo iombe uende nayo nyumbani ukaisome usiku mmoja kabla ya kusaini, na wakikataa kukupa, waachie ruta yao.